Kanzu ya Mkono Mmoja: Jinsi Tangazo la Idi la Sekunde 15 Linavyoandikwa

Mtoto wa kiume wa miaka minane hivi amesimama mlangoni asubuhi, kofia kichwani, kanzu mpya nyeupe mwilini, na ameinua mikono yake yote miwili kama anayetaka kupimwa. Mkono wa kulia wa kanzu umefika hadi kwenye kiganja. Mkono wa kushoto haupo. Kanzu imeishia begani. Juu ya picha yameandikwa maneno matatu tu: Asubuhi ya Idi. Mtoto anauliza, "Mama, mkono wa pili uko wapi?" Hapo sekunde tatu zimekwisha.

Hizo ni sekunde tatu za mwanzo za tangazo la video la sekunde 15 ambalo nimeliandika ili liwe kielelezo cha makala haya. Mwenye tangazo ni karakana ya ushonaji yenye mafundi wanne katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, na anachouza ni ushonaji wa kanzu kwa ajili ya Idi el-Fitri. Karakana yenyewe ni ya kufikirika, lakini shida inayoizungumzia si ya kufikirika hata kidogo. Kila aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi katikati ya Ramadhani anazijua kauli mbili: "Njoo kesho" na "Imebaki vifungo tu." Mimi mwenyewe nimewahi kusali Idi kwa kanzu ya mwaka uliotangulia huku mpya ikiwa bado juu ya meza ya fundi, shingo yake haijadariziwa, na nilipoanza kuandika matangazo ya msimu sikuhitaji kwenda mbali kutafuta pa kuanzia.

Katika kazi hii watu husema sana kuhusu mwanzo unaonasa, na wengi hudhani kwamba kunasa ni kupiga kelele: muziki mkubwa, maandishi yanayorukaruka, mtu anayepaza sauti na kusema "Usipite!" Mwanzo wa namna hiyo humsimamisha mtu kwa mshtuko, kisha humwacha aondoke mara anapogundua kwamba kelele haikuwa na habari. Ninachotaka kukieleza hapa ni njia nyingine, ambayo nimeona inafanya kazi vizuri zaidi kwa matangazo ya msimu: mwanzo uwe ni shida ya mteja mwenyewe, ionekane ikiwa tayari imemfika, na sekunde 12 zinazobaki zisifanye kitu kingine ila kuitatua.

Mtu anayetazama hakuja kutazama

Mtazamaji wa tangazo hili amefungua simu baada ya tarawehe, ameegemea mto, na kidole gumba kinasukuma video moja baada ya nyingine. Mara nyingi sauti ameizima, kwa kuwa watoto wamelala au kwa kuwa yuko kwenye daladala. Hajaamka siku hiyo akiwaza karakana ya mtu yeyote. Mitandao yenyewe imeipima subira yake: Facebook ina kipimo cha matangazo kinachohesabu waliotazama video kwa angalau sekunde tatu, na kwenye YouTube kitufe cha kuruka tangazo hutokea baada ya sekunde tano. Kwa hiyo mwandishi wa skripti ana nafasi ya pumzi moja tu ya kumfanya mtu huyo aache kusukuma.

Hata hivyo, si kazi ya sekunde hizo kumzuia kila mtu. Kwenye YouTube, tangazo linaloweza kurukwa na linalolipiwa kwa kila utazamaji huhesabiwa kuwa limetazamwa pale mtu anapofika sekunde ya 30, au mwisho wa tangazo likiwa ni fupi kuliko hapo, au anapolibofya. Tangazo la sekunde 15 linalorukwa kwenye sekunde ya tano halimtozi mwenye duka chochote. Mtu asiyevaa kanzu, asiye na mtoto wa kumshonea na asiyesherehekea Idi akiondoka mapema, karakana haijapoteza kitu, na mwanzo mzuri humwambia waziwazi kwamba habari hii si yake. Mwanzo wa kelele hushindwa hapa: humng'ang'ania asiyehusika, na fedha ya tangazo huishia kwa watu ambao wasingenunua kamwe.

Chukua sasa mwanzo ambao wenye maduka wengi huuomba. Mwezi mwandamo unang'aa, taa za rangi zinaning'inia, jina la duka linaingia likizunguka, na sauti nzito inasema: "Assalamu alaikum wateja wetu wapendwa, tunawatakia Ramadhani njema." Ni maneno ya heshima na sina neno baya juu yake, katika kikao au dukani ndiyo ya kuanza nayo. Lakini nimezihesabu silabi zake, zipo 28, na kwa kasi ya kawaida ya msimulizi zinakula zaidi ya sekunde tano. Theluthi ya tangazo imekwisha, kitufe cha kuruka kimeshatokea, na mtazamaji bado hajajua kama anauziwa tende, mafuta ya kupikia au bando la simu, kwa sababu mwezi na taa hizo zipo katika matangazo ya wote. Alama za msimu humwambia mtu ni wakati gani wa mwaka, jambo ambalo aliyefunga analijua tumboni mwake. Hazimwambii kwa nini asimame.

Mtoto mwenye kanzu ya mkono mmoja anafanya kazi tofauti, na siri yake iko katika mgawanyo. Picha inabeba shida: nguo haijakamilika. Maandishi yanabeba wakati: asubuhi ya Idi, yaani muda wa kurekebisha umekwisha. Sauti inabeba swali, ambalo humfanya mtu asubiri jibu. Kila njia imepewa mzigo wake na hakuna inayorudia ya mwenzake. Laiti maandishi yangesema "Mama, mkono wa pili uko wapi?" na mtoto akasema maneno yaleyale, tungekuwa tumelipa mara mbili kwa kitu kimoja. Pia, ukiizima sauti, picha na maandishi vinatosha kueleza mkasa wote. Ukiitoa picha na kubaki na sauti, mtoto anayemuuliza mama yake kuhusu mkono wa pili humfanya mtu ageuze shingo aitazame simu aliyokuwa ameiweka pembeni.

Silabi, si maneno

Wanaojifunza kazi hii kwa vitabu vya kigeni huambiwa kwamba tangazo la sekunde 15 huchukua maneno 35 hadi 40. Kwa Kiswahili kipimo hicho hudanganya vibaya, kwa sababu neno letu moja linaweza kubeba sentensi nzima. "Leo" lina silabi mbili na "tutakushonea" lina sita, na yote mawili yanahesabika kuwa neno moja. Nimekaa studio nikisikiliza msimulizi mwenye uzoefu akikimbiza maneno 38 hadi akawa kama anayenadi mitumba, na bado akavuka sekunde 17.

Mimi huhesabu silabi kwa kugonga meza kwa kidole. Msimulizi anayesoma kwa utulivu hutoa silabi tano hivi kwa sekunde. Akifika sita bado anaeleweka, lakini akizipita, masikio ya mtu aliyechoka na swaumu huacha kufuata. Kwa hiyo dari yangu kwa sekunde 15 ni silabi 75, na hupenda kubaki chini yake ili sauti za vitu vyenyewe zipate nafasi. Katika televisheni suala hili halina huruma. Nafasi iliyolipiwa ni sekunde 15 kamili, ambazo kwa mwendo wa fremu 25 kwa sekunde ni fremu 375, na neno la mwisho likiangukia fremu ya 380 halitasikika. Kwa kawaida huacha nusu sekunde ya ukimya mwishoni ili jina la duka lisikatwe mkia.

Kipande kilichonitesa katika skripti hii kilikuwa cha katikati, chenye ahadi. Rasimu ya kwanza ilisema: "Leta kitambaa kabla ya Ramadhani ishirini, uchukue kanzu Ramadhani ishirini na saba." Ni silabi 34, na nilikuwa nimekitengea sekunde nne. Silabi nane na nusu kwa sekunde hazisemeki. Nilijaribu kuiondoa moja ya tarehe mbili, lakini ahadi ilivunjika: tarehe ya kuleta bila ya kuchukua ni kauli ya kila fundi, na tarehe ya kuchukua bila ya kuleta humfanya mtu aje siku moja kabla. Zote mbili zilipaswa kubaki.

Jibu lilikuwa katika namna watu wanavyohesabu funga. Mtaani hakuna anayeuliza "Leo Ramadhani tarehe ngapi?" Wanauliza, "Leo chungu cha ngapi?" Neno chungu linabeba mwezi wenyewe ndani yake, hivyo halihitaji kuongezewa Ramadhani, na likishatajwa mara moja, mara ya pili linaweza kuachwa. Kipande kikawa: "Leta kitambaa, mwisho chungu cha ishirini. Uchukue cha ishirini na saba." Silabi 27. Nikakiongezea sekunde moja niliyoinyang'anya sehemu ya mwisho, kikakaa vizuri ndani ya sekunde tano. Zaidi ya hesabu, sauti ya tangazo ilibadilika. Ilikuwa kama ya mtu wa mtaani anayekuambia jambo, wakati mwanzoni ilikuwa kama ya karatasi iliyobandikwa mlangoni.

Tarehe isiyojulikana

Tangazo la Idi lina ugumu ambao tangazo la Krismasi au la sare za shule za Januari halina: siku yenyewe haijulikani hadi usiku wa kuamkia. Ramadhani huwa na siku 29 au 30 kutegemea mwezi kuandama, na nchini Tanzania tangazo rasmi hutolewa na Mufti kupitia Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, BAKWATA. Wapo pia wanaofuata kuandama kwa mwezi kulikotangazwa nchi nyingine, kwa hiyo katika mtaa mmoja jirani wawili wanaweza kuanza kufunga siku tofauti na kusali Idi siku tofauti. Mwandishi anayeandika kwenye skripti kwamba Idi ni Ijumaa ya tarehe fulani anaweza kujikuta amekosea mbele ya wateja wake wote, na kosa la namna hiyo katika jambo la ibada halichukuliwi kwa wepesi.

Kwa sababu hiyo skripti yetu haitaji siku ya Idi popote. Inataja chungu cha 20, siku ya mwisho ya kupokea vitambaa, na cha 27, siku ya kuchukua. Cha 27 kimechaguliwa ili zibaki siku mbili hata mwezi ukiandama mapema, na siku hizo mbili zinameza pia tofauti ya siku moja kati ya walioanza kufunga mapema na waliochelewa. Kuna faida nyingine ya kuhesabu kwa vyungu. Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya kawaida, na video yenye tarehe ya Machi haifai tena mwaka unaofuata, ilhali chungu cha 20 ni chungu cha 20 kila mwaka. Karakana ndogo inayolipia siku moja ya kupiga picha inaweza kulitumia tangazo hilo tena.

Lakini namba 20 na 27 hazikutoka kichwani mwa mwandishi. Zimetoka kwenye meza ya kukatia. Mafundi wanne, kila mmoja akimaliza kanzu tatu kwa siku, wanatoa kanzu 12. Kuanzia chungu cha 21 hadi cha 27 ni siku saba, yaani kanzu 84. Ijumaa kazi husimama mapema, na siku moja umeme unaweza kukatika, kwa hiyo hesabu ya uaminifu ni kanzu 70. Maana yake, siku ya kufunga kupokea, kanzu zinazosubiri kushonwa zisizidi 70. Mwandishi asiyemuuliza mwenye karakana swali hili anaweza kuandika tangazo zuri sana linaloleta wateja 200, na asubuhi ya Idi watoto wengi wakavaa kanzu ya mkono mmoja, safari hii kwa kweli.

Skripti nzima

Sekunde 0 hadi 3.
Picha: Mtoto mlangoni, kanzu nyeupe, mikono imeinuliwa, mkono wa kushoto wa kanzu haupo.
Maandishi: Asubuhi ya Idi.
Sauti ya mtoto: "Mama, mkono wa pili uko wapi?"

Sekunde 3 hadi 7.
Picha: Mkasi unakata kitambaa cheupe kwa mkato mmoja mrefu, mkono wa kanzu unapita chini ya sindano ya cherehani.
Sauti: Mkasi, kisha cherehani. Msimulizi: "Mwaka huu, usisubiri mwezi uandame."
Maandishi: hakuna.

Sekunde 7 hadi 12.
Picha: Kanzu zilizopigwa pasi zimetundikwa kwa safu, kila moja ina karatasi ya jina la mwenyewe.
Msimulizi: "Leta kitambaa, mwisho chungu cha ishirini. Uchukue cha ishirini na saba."
Maandishi: Kuleta: chungu cha 20. Kuchukua: chungu cha 27.

Sekunde 12 hadi 15.
Picha: Mtoto yuleyule, mlango uleule, kanzu kamili, mikono imeinuliwa tena.
Sauti ya mtoto: "Mama, yote miwili!" Msimulizi: jina la duka, Mtaa wa Kongo.
Maandishi: Jina la duka, Mtaa wa Kongo, namba moja ya simu.

Silabi za mtoto mwanzoni ni 12, za mkato wa pili 15, za ahadi 27, za mtoto mwishoni saba, na jina la duka lenye silabi nne pamoja na Mtaa wa Kongo ni kumi. Jumla ni 71. Katika mkato wa pili nimeacha maandishi kwa makusudi, kwa sababu sauti ya mkasi ukipasua kitambaa ni ushahidi kwamba kazi inafanyika, na jicho likipewa maneno ya kusoma, sikio huipuuza. Asiyesikia sauti ataona mkasi na cherehani na kuelewa kwamba hapa ni kwa fundi, na hilo linatosha hadi sekunde ya saba.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jina la duka limechelewa hadi sekunde ya 12. Kwa duka linalojulikana nchi nzima ningeliweka jina dogo kwenye pembe ya juu tangu mwanzo. Kwa karakana ya mafundi wanne jina halina uzito wa kumsimamisha mtu. Uzito anaubeba mtoto. Jina linapata maana baada ya ahadi kutolewa, kwa sababu hapo mtazamaji ana sababu ya kulikumbuka.

Yanayoharibika siku ya kupiga picha

Skripti nzuri huweza kufa mbele ya kamera kwa mambo madogo. Kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe haionekani. Kwenye kioo cha simu mtoto hugeuka kuwa kichwa kinachoelea, na mkono uliokosekana haumstui mtu. Mlango uwe wa kijani au wa mbao nyeusi, na asiwekwe mbali, kwa sababu video ya wima inatazamwa kwenye kioo chenye upana wa vidole vinne. Mkono wa kanzu usikunjwe wala usifichwe nyuma ya mgongo. Shona kanzu ambayo kweli haina mkono mmoja, mshono wa bega uonekane wazi, kwa kuwa mtazamaji akihisi udanganyifu kwenye picha ya kwanza hataiamini ahadi ya sekunde ya saba.

Maandishi ya tarehe yawekwe juu ya nusu ya kioo. Kwenye TikTok na kwenye video fupi za Instagram sehemu ya chini hufunikwa na jina la akaunti na maelezo, na ukingo wa kulia hufunikwa na vitufe. Nimewahi kuona tangazo la msimu ambalo namba yake ya simu ilikaa kikamilifu chini ya maelezo hayo. Hakuna aliyepiga, na mwenye duka aliamini kwamba watu hawakulipenda tangazo. Namba iwe moja. Tatu ni kumpa mtu kazi ya kuchagua katika sekunde tatu.

Kuhusu sauti, wapo watakaoshauri takbira za Idi zisikike nyuma ya mtoto, kwa sababu zinagusa moyo papo hapo. Ni kweli zinagusa, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuziacha. Takbira ni ibada, na kuitumia kama zulia la kuuzia kanzu kunamuudhi mteja yuleyule unayemtaka. Sauti za asubuhi zinatosha: jogoo mbali, bawaba ya mlango, vikombe vikigongana jikoni. Mwanga nao uwe wa saa moja asubuhi kweli, wakati kivuli bado ni kirefu, kwa sababu jua la mchana kwenye maandishi ya "Asubuhi ya Idi" hugundulika hata na mtu asiyejua kamera ni nini.

Kabla ya kulirusha, mwonyeshe tangazo mtu mmoja ambaye hakushiriki, ukiwa umezima sauti, mara moja tu, kisha muulize wanauza nini na mwisho ni lini. Akisema "Ni habari ya mtoto na mama yake," sekunde ya saba hadi ya 12 ni dhaifu. Akisema "Wanauza vitambaa," picha ya mkasi imemchanganya na unahitaji fundi aonekane. Jaribio hilo halina gharama, na limeniokoa zaidi ya mara moja.

Kuisoma chati

Tangazo likishatoka, mitandao humwonyesha mwenye akaunti chati ya watazamaji waliobaki kwa kila sekunde. Mstari huanguka katika kila video. Cha kutazama ni mahali unapoanguka ghafla. Ukiporomoka kabla ya sekunde ya tatu, usiguse maneno, kwa sababu hawakufika kwenye maneno: picha ya kwanza haikueleweka, na mara nyingi tatizo ni umbali au rangi. Ukibaki imara na kisha ukaporomoka kati ya sekunde ya saba na ya 12, ahadi ni nzito au msimulizi amekimbia. Ukishuka kidogo kidogo hadi mwisho, mwanzo umefanya kazi yake.

Chati haisemi yote. Ujumbe unaoingia kwenye simu ya duka husema zaidi. Wengi wakiuliza "Mpo wapi?" maandishi ya mwisho hayakusomeka. Wakiuliza "Bei gani kushona?" hilo si kosa, bei ingehitaji kutenganisha kanzu ya mtoto na ya mtu mzima, na sekunde 15 hazina nafasi hiyo, kwa hiyo jibu liwe tayari kwa mpokea simu. Lakini akina mama wakiuliza kwa wingi "Madera pia mnashona?" basi mwanzo umekuwa mwembamba kupita biashara yenyewe. Hapo sishauri kumbandika dada yake mtoto ndani ya picha hiyohiyo, kwa sababu shida mbili katika sekunde tatu hufutana. Tengeneza toleo la pili kwa mifupa ileile: binti amevaa dera, pindo upande mmoja limefika chini na upande wa pili limeishia gotini.

Na kwa kuwa ahadi imefungwa kwenye uwezo wa mafundi wanne, anayeamua lini tangazo lishuke si mwandishi wala kalenda. Ni daftari la oda. Kanzu zinazosubiri kushonwa zikijaza nafasi iliyobaki hadi cha 27, hata kama ndiyo kwanza ni chungu cha 17, tangazo linasimamishwa usiku huohuo, na mhariri anabadilisha kipande cha sekunde ya saba hadi ya 12. Safu ya kanzu zenye karatasi za majina inabaki, maandishi yanakuwa "Oda zimejaa", na msimulizi anawaambia waliokwisha leta vitambaa: "Yako iko hapa. Njoo uchukue, chungu cha ishirini na saba." Toleo hilo halimuuzii mtu yeyote kitu. Linakwenda kwa wateja ambao vitambaa vyao viko juu ya meza ya kukatia, na linaendelea kurushwa hadi kanzu ya mwisho itoke kwenye kamba.